Mkalimani mezani: nilichojifunza nikinunua mashine za alizeti Zhengzhou

"Wakuu, mwezi ujao naenda Zhengzhou, China, kununua mashine ya kukamua alizeti. Kichina sijui hata neno moja, ila nimepata mkalimani kijana wa Kichina aliyesoma Kiswahili. Nizungumze vipi pale mezani, na nitajuaje kwamba alichowaambia ndicho nilichosema?"

Ndugu, nimekwenda mji huo mara tatu kwa biashara hiyo hiyo, na mashine nilizoleta nimezifunga Singida. Hasara yangu kubwa haikutokana na neno lililotushinda kuelewa. Ilitokana na neno ambalo mimi, mkalimani na mwenye kiwanda sote tuliamini tumelielewa, na neno lenyewe ni "siku".

Safari ya kwanza nilisema nataka mashine inayokamua tani 10 kwa siku. Mkalimani alitafsiri bila kosa lolote, mwenye kiwanda akajibu kuwa ipo, tukaandikiana. Mashine ilipofungwa, kwa saa kumi za kazi ilimeza tani nne na ushei tu. Nililalamika, nikajibiwa kwa upole kwamba mashine haina kasoro: huko kiwandani uwezo wa mashine za kukamua huhesabiwa kwa saa 24, na ukigawanya tani 10 kwa saa 24 unapata kilo 417 hivi kwa saa. Kwangu "siku" ilikuwa tangu tunapofungua asubuhi hadi tunapofunga jioni. Hakuna aliyedanganya, na hata mkalimani bora duniani asingeliona kosa lile, kwa sababu halikuwa ndani ya lugha. Tangu hapo sitaji tena kipimo kinachoweza kunyooshwa. Ninasema: "Nataka mashine inayomeza kilo 1,000 za mbegu za alizeti zenye maganda kwa saa moja." Kisha ninamwomba mwenye kiwanda anieleze yeye, kwa maneno yake, nikiingiza magunia 20 ya kilo 50 saa mbili asubuhi yatakuwa yamekwisha saa ngapi. Jibu lake ndilo linaloniambia kama tumeelewana.

Hiyo ndiyo njia ninayoitegemea kuliko zote. Usimwulize mtu "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo, wewe ukiwemo. Mpe mfano wenye hesabu ndani yake, umwache aumalizie. Na yeye akisema jambo zito, lirudishe kwake kwa mpangilio mwingine: "Kwa hiyo nikilipa tarehe 5, mzigo utakuwa tayari kupakiwa tarehe 25, siyo tarehe 25 ya kuanza kuutengeneza?" Mara nyingi hapo ndipo wanapoanza kuongea wao kwa wao kwa dakika mbili, na hapo ndipo unapojua kuwa palikuwa na shimo.

Kabla ya kikao, kaa na mkalimani wako angalau nusu siku. Kijana aliyejifunza Kiswahili chuoni anaweza kukushinda kwa sarufi na bado asijue mashudu ni nini. Mwonyeshe picha za mashine, mpe orodha ya maneno utakayotumia: mashudu, vipuri, mota, umeme wa fezi tatu, udhamini, malipo ya awali. Mwache ayatafute kwa Kichina mapema, asiyakute mezani. Mweleze pia ni jambo gani hutalikubali kabisa, ili asije akalilainisha kwa adabu. Na ulizeni waziwazi suala la kamisheni. Wapo wakalimani wanaolipwa na kiwanda kwa kila mteja wanayemleta, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuichosha sauti yake kwa ajili ya punguzo lako. Mlipe mwenyewe, kwa siku, kiasi mlichokubaliana kabla.

Mezani, mtazame mwenye kiwanda na useme naye yeye. Sisi tuna mazoea ya kusema "mwambie bei yake iko juu". Ukisema hivyo, mkalimani anakuwa mjumbe, naye mjumbe huchagua maneno ya kutomuudhi mtu. Sema "bei yenu iko juu kuliko niliyopewa jana", naye aseme hivyo hivyo kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ni wewe unayesema Kichina. Siku mbili za mwanzo utajiona kama mwigizaji, kisha utazoea.

Kuhusu mwendo, sema sentensi moja au mbili zenye wazo moja lililokamilika, kisha nyamaza. Usikate katikati ya wazo, maana mpangilio wa maneno wa Kichina si wetu, na mkalimani aliyepewa nusu ya sentensi hulazimika kubahatisha nusu ya pili. Usirundike "ambayo" juu ya "ambayo". Ukiwa na namba, iwe moja tu katika kila zamu, na uiweke mwishoni. Panga muda mara mbili ya ule ambao ungetumia kwa Kiswahili, na baada ya kila saa moja hivi mpumzike. Dalili ya mkalimani aliyechoka ni kwamba majibu yanaanza kuja mafupi: mwenyeji ameongea dakika tatu, wewe unaletewa "anasema hakuna shida". Hapo usimkasirikie. Mwombe kwa heshima akueleze yote yaliyosemwa, hata yale anayoyaona hayana uzito. Msameheni pia wakati wa kula, kwa maana watu wawili wakizungumza kupitia kwake kila tonge, yeye ndiye anayeondoka na njaa.

Mithali na utani viache nyumbani. Mwishoni mwa kikao kimoja nilisema "basi weka na ya soda", nikimaanisha waongeze punguzo dogo la kufungia. Waliniletea soda, baridi kabisa, na bei ikabaki pale pale.

Neno letu "sawa" ni hatari zaidi ya mithali. Sisi hulitumia kumwonyesha mtu kwamba tunamsikiliza, lakini mkalimani akilipeleka kama "keyi" mwenye kiwanda anasikia kwamba umekubali sharti. Niliwahi kusema "sawa, sawa" wakati naelezwa utaratibu wa malipo, na baadaye nikashangaa kuona kwamba umeshaingia kwenye karatasi. Sasa husema "nimesikia, nitajibu mwishoni", na "nakubali" ninaitunza kwa ajili ya mambo niliyokubali kweli. Vivyo hivyo, kwa upande wao, ukiambiwa "watalitafiti kwanza" usiandike kuwa wamekubali, maana mara nyingi ni kukataa kwa adabu.

Epuka pia maswali ya kukanusha. Kiswahili na Kichina vinafanana hapa: ukiuliza "hamna vipuri?" jibu "ndiyo" maana yake ni kwamba hawana. Lakini mkalimani anayefikiri kwa Kiingereza kichwani huweza kuligeuza likawa "hapana", na wewe kwa Kiswahili utaelewa kuwa vipo. Uliza "vipuri vya aina gani mnavyo, na vingapi?" swali ambalo halijibiki kwa neno moja.

Sasa namba, ambako ndiko fedha zinakopotelea. Wachina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi, na fungu hilo huliita "wan". Laki yetu moja kwao ni wan kumi. Isitoshe, katika mazungumzo hufupisha: "shiliu wan ba", yaani "wan kumi na sita, nane", ni yuan 168,000, siyo 160,008. Mkalimani anayebadilisha wan kuwa laki huku mtu anaendelea kuongea ataanguka mahali fulani. Kwetu pia kuna mtego, kwa maana "elfu mia mbili" na "elfu na mia mbili" hutofautiana kwa herufi mbili tu masikioni mwa mgeni. Kwa hiyo namba yoyote ya fedha huandikwa kwenye kikokotoo, pande zote mbili zinaiona, ndipo mazungumzo yaendelee.

Punguzo lina mtego wake. Kwa hiyo bei ya 168,000 niliomba nipunguziwe, mwenyeji akasema "jiu wu zhe", na mkalimani, akizifuata zile tisa na tano alizozisikia, akaniambia nimepewa punguzo la asilimia tisa na nusu. Kichwani nikapiga hesabu ya 152,040, nikafurahi. Kumbe kwa Kichina namba hiyo hutaja kile utakacholipa, siyo kile kinachoondolewa: "jiu wu zhe" ni kulipa asilimia 95 ya bei, yaani 159,600. Tofauti ni yuan 7,560, na iligundulika kwa sababu tu nilimwomba aandike bei ya mwisho kwenye kikokotoo. Usiulize amepunguza kiasi gani. Uliza utalipa kiasi gani.

Jambo ambalo hata mkalimani mzuri hawezi kulisikia ni lile la malipo ya awali. Kichina kina maneno mawili yanayotamkwa sawasawa kabisa, "dingjin", yanayotofautiana kwa alama ya kwanza tu yanapoandikwa. 定金 ni arubuni yenye meno: kwa sheria yao ya madai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, mnunuzi akivunja mkataba anaipoteza, na muuzaji akiuvunja anarudisha mara mbili. 订金 kwa kawaida huchukuliwa kuwa malipo ya awali tu, yasiyo na adhabu hiyo kwa upande wowote. Mkalimani huisikia sauti moja, naye hukuletea "malipo ya awali" kwa yote mawili. Kwa hiyo mwambie akuonyeshe kwa kidole alama iliyoandikwa, na uamue mwenyewe ipi inakufaa. Mimi hutaka ile yenye meno, maana ninayeogopa ni muuzaji anayechelewa. Fahamu tu kwamba sheria hiyo inaweka kikomo cha asilimia 20 ya thamani ya mkataba. Kiwanda kikikuomba asilimia 30 ya 159,600, ambayo ni 47,880, basi 31,920 tu ndizo zenye nguvu ya arubuni, na 15,960 zilizobaki ni malipo ya kawaida.

Kila jioni, kabla hamjaachana, andikeni ukurasa mmoja wenye safu mbili, Kichina upande mmoja na Kiswahili upande wa pili: uwezo kwa saa, bei ya mwisho, kama kodi imo au haimo, tarehe ya kupakia, vipuri vinavyokuja na mashine. Mkalimani asikusomee safu ya Kiswahili aliyoiandika yeye, kwa kuwa hiyo unaisoma mwenyewe. Mwombe aisome ile ya Kichina na kuitafsiri upya hapo hapo, huku wewe umeweka kidole kwenye Kiswahili. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, safu yangu ilisema "udhamini wa mwaka mmoja", naye akasoma "mwaka mmoja kwa mota". Tulikaa tena saa nzima kuujadili mwili wa mashine, na mwishowe walitoa miezi sita.