Jaribio la hamira na puto kwa darasa la tano

"Mwanangu yuko darasa la tano hapa Moshi, maonyesho ya sayansi ni wiki ijayo. Tufanye nini kwa vitu vya nyumbani?"

Mzazi mwenzangu, achana na volkano ya magadi. Majaji wameichoka, na haipimi chochote. Nunua pakiti ya hamira na maputo matatu, mtafute jibu la swali hili: hamira hupenda maji ya joto gani?

Chukua chupa tatu za maji za nusu lita. Kila moja iwe na kijiko kimoja cha chai cha hamira, kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji. Kinachobadilika ni maji tu: ya kwanza ya bomba; ya pili vuguvugu, yaani sehemu moja ya yaliyochemka kwa mbili za bomba; ya tatu yaliyochemka. Hayo ya tatu mkorogee hamira kwenye kikombe, wewe ndiye umimine, na yapoe kabla ya kuingia chupani, la sivyo plastiki itajikunja.

Vuta maputo kwanza yalegee, kisha yavisheni midomoni. Kila dakika kumi, kwa dakika arobaini, mzungushie puto uzi na kuupima kwa rula. La vuguvugu hutangulia kuvimba kwa gesi ya hamira. La tatu hulala, kwa kuwa hamira imekufa.

Yote yakilala, hamira ni ya zamani au puto linavujisha. Asubuhi ya baridi, weka chupa ya pili kwenye beseni la maji vuguvugu. Msifunge kizibo kamwe: gesi ikikosa pa kwenda, chupa hupasuka.