Saa ya betri au otomatiki? Nimevaa zote mbili, nawaambia ukweli

Ukienda kununua saa Kariakoo, muuzaji atakwambia ya betri ni ya kutupa, ukitaka kitu cha kudumu chukua otomatiki. Na mimi niliamini hivyo miaka mingi mpaka siku nilipokaa nikahesabu hela ninazompelekea fundi.

Ninazo mbili. Moja Seiko 5 aliyoniachia mzee, ndani ina mashine ya 7S26, haina betri kabisa, kuna kichuma kizito kinazunguka ukitembeza mkono na ndio kinakaza springi. Nyingine Casio ya mishale, ya kwatzi, yani ya betri ya kidonge.

Kwenye kushika muda wala hakuna ubishi. Kile kipande cha kwatzi kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde wakati Seiko yangu inapiga 6 tu, kwahiyo Casio inapotea kama sekunde 15 kwa mwezi, Seiko inapotea hizo hizo kwa siku MOJA. Mwezi ukiisha iko mbele dakika saba na nusu. Halafu ukiivua Ijumaa jioni usiiguse, Jumapili mchana unaikuta imelala, maana springi ikijaa inashika kama saa 40 hivi.

Sasa hela. Betri ya Casio yangu, imeandikwa SR626SW, inakaa miaka miwili mpaka mitatu na fundi wangu ananichaji elfu tano pamoja na kuifunga. Miaka kumi ni betri nne au tano, haifiki elfu thelathini. Seiko kila baada ya miaka mitano sita inataka kufunguliwa yote, ioshwe, iwekwe oili mpya, maana oili inakauka na vyuma vinaanza kulana. Mara ya mwisho nilitoa elfu sabini. Piga mara mbili kwa miaka kumi ni laki na arobaini, na hapo hakijavunjika kitu. Utajuaje service imefika? Ukiona saa iliyokuwa inakimbia imeanza kuchelewa, au uliivaa kutwa nzima lakini asubuhi unaikuta imesimama, usisubiri.

Ila kuna kitu kilinitoa jasho nikajua mashine imekufa. Seiko ilianza kukimbia dakika kumi kwa siku, ghafla tu! Nikaenda kwa fundi nimeshajiandaa kulia, akatoa dira ndogo kama zile za skauti akaisogeza karibu na saa, sindano ikacheza. Akaniuliza unailaza wapi usiku. Nikakumbuka, juu ya spika ya redio. Kumbe ndani kuna springi nyembamba kama unywele, ikishika sumaku mizunguko yake inagusana, inakuwa kama imefupishwa, saa inakimbia. Akaipitisha kwenye kimashine cha kutoa sumaku, hata dakika haikuisha, na saa haikufunguliwa. Kwahiyo saa ikikimbia ghafla mwambie fundi aangalie sumaku kwanza kabla hajakutajia bei ya kuifungua. Ya betri ya mishale nayo ikikaa karibu na sumaku inaweza kusimama, ila ukiiondoa inaendelea, unarekebisha muda basi.

Kingine kwa wenye Seiko kama yangu, usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Muda huo meno ya kalenda yameshashikana, ukilazimisha unayavunja. Kama hujui saa yako iko usiku au mchana, zungusha mishale mpaka tarehe iruke, hapo ndio saa sita usiku, endelea mbele mpaka ipite saa kumi ndio uguse tarehe.

Saa ya betri adui yake ni betri yenyewe. Nilikuwa na nyingine ikazima nikaitupa kwenye droo zaidi ya mwaka, kuja kuifungua betri imevuja, uchafu wa kijani umekula saketi. Ikizima na huna mpango nayo, toa betri siku hiyo hiyo. Zingine zinakupa taarifa mapema, mshale wa sekunde unaanza kuruka mbili mbili. Na hata ikifa kabisa sio mwisho, fundi akaniwekea mashine nzima mpya, Miyota 2035, kwa hela ndogo kuliko service moja ya Seiko, kioo na mishale vikabaki vile vile. Hapo ndipo habari ya "kutupa" iliponiishia.

Maji hayachagui, zote kinga yake ni mpira wa kwenye mfuniko. Kila ikifunguliwa mwambie fundi aukague, na ukiona ukungu ndani ya kioo peleka leo leo, sio wiki ijayo.

Kwahiyo mtu wa bodaboda, wa gereji, au anayetaka saa moja tu ya kila siku, namwambia ya betri bila kupepesa macho. Ile ya mzee naivaa harusini na Jumapili, na kabla sijatoka naitikisa kidogo, naweka muda kwa kuangalia Casio.