Usiiache hiyo akaunti ijifie yenyewe

"Wakuu, nimechukua stetimenti ya akaunti yangu ya akiba na nimeshtuka. Kila mwezi wanakata 150, halafu 30, na kuna siku nimeona 4 peke yake bila maelezo. Hizi ni za nini? Kuna njia ya kurudishiwa? Na ni benki gani Nairobi haikati hivi? Kwa sasa nimeamua nitoe kila kitu nibakishe mia tatu tu, nisiiguse tena, ijifie yenyewe."

Usibakishe hiyo mia tatu. Nimesoma mstari wako wa mwisho nikasimamisha kazi niliyokuwa nafanya, kwa sababu hivyo hasa ndivyo nilivyofanya mimi Januari 2024, na ilinila pesa mara ya pili baada ya kunila mara ya kwanza.

Nina kibanda cha nguo Gikomba. Februari 2021 walikuja vijana wa benki na hema, spika kubwa na fulana za rangi moja. Mmoja akaja hadi kibandani, akanisubiri nimalize na mteja, akaniambia, "Mama, hii ni akaunti ya kuweka akiba, pesa yako inakaa tu hapo inakungoja." Nikajaza fomu nikiwa nimesimama, nikitumia rundo la jinzi kama meza. Yeye ndiye aliyetia alama kwenye visanduku, mimi nikatia sahihi. Nikaweka shilingi 48,000, karo ya mtoto wangu wa kwanza kwenda kidato cha kwanza. Nilitaka pesa ikae mbali na mikono yangu, kwa hiyo sikuingia humo kabisa, wala sikuomba stetimenti hata moja.

Mtoto alikuwa kwenye lile kundi la mwisho la KCPE, 2023. Wiki ya kwanza ya Januari 2024 nikaenda kutoa karo. Mhudumu wa kaunta akaniambia zipo 39,840. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Stetimenti ilikuwa na kurasa kadhaa na mistari miwili tu inayojirudia: `LEDGER FEE` 200, chini yake `EXCISE DUTY` 40. Machi 2021 hadi Desemba 2023 ni miezi 34, na 240 mara 34 ni 8,160. Sikuibiwa na mtu wa mtandaoni wala sikupoteza kadi. Pesa ilitoka taratibu, mchana kweupe, mwisho wa kila mwezi.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho yule kijana alipaswa kuniambia, na ambacho mpaka leo kinaniumiza kuliko hizo pesa. Akaunti kuitwa "akiba" kwenye bango, kwenye kadi au mdomoni mwa mhudumu si kitu. Kinachoamua ni aina ya akaunti iliyoandikwa kwenye mfumo wa benki. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki ya Kenya kinasema wazi kwamba benki haitatoza ada ya namna yoyote kwenye akaunti ya akiba, akaunti ya amana ya siku saba, wala amana ya muda maalumu. Kifungu hicho hicho kinataka riba ilipwe kulingana na masharti ya akaunti, mradi kile kiwango cha chini cha salio kisipunguzwe. Sasa benki inakwepaje? Inakufungulia akaunti ya matumizi, ile ya karenti au jamaa yake, kisha inaipa jina tamu la kuweka pesa. Ada ya leja ni mali ya karenti tangu zamani, ni malipo ya kutunza daftari lako la kuingiza na kutoa. Kwenye fomu yangu kijana alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha akaunti ya matumizi. Sahihi ni yangu. Nilipolalamika kwa barua, walinijibu kwa nakala ya fomu hiyo, na ile 8,160 haikurudi.

Kulikuwa na dalili ambayo ningeiona mwezi wa kwanza kama ningeangalia. Akaunti ya akiba ya kweli huacha alama ya riba kwenye stetimenti, hata kama ni shilingi chache, na chini yake kodi ya zuio ya asilimia 15 ya hiyo riba. Yangu haikuwa na mstari wa riba hata mmoja kwa miezi 34. Fungua yako sasa utafute `INTEREST` na `WITHHOLDING TAX`. Ukikuta ada ya kila mwezi ipo na riba haipo hata mara moja, huko si kwenye akiba, haidhuru wamekuambia nini. (Salio likiwa chini ya kiwango chao, riba inaweza kukosekana hata kwenye akiba halisi, ndiyo maana nasema uangalie vyote viwili kwa pamoja.)

Hiyo 30 yako ni ushuru wa bidhaa wa serikali, asilimia 20 ya ada ya benki. Benki inaukusanya na kuupeleka KRA, kwa hiyo hauendi kwao, lakini usingekuwepo kama ada isingekuwepo. Ile 4 iliyokaa peke yake izidishe mara tano upate 20, kisha utafute ada ya shilingi 20 siku ile ile au siku moja kabla. Mara nyingi mzazi wake yuko hapo karibu: meseji za taarifa, au kuangalia salio kwenye ATM ya benki nyingine. Ikiwa ni ya kutuma pesa, hesabu ni nyingine, ushuru wake ni asilimia 15.

Sasa nirudi kwenye hiyo mia tatu, maana hapo ndipo unapoelekea kuumia.

Siku ile ya Januari nilikuwa na hasira. Nikatoa nilichoweza, nikabakisha 600, nikamwambia mhudumu sitarudi tena. Hakuniambia neno. Alikuwa anaona kwenye skrini yake kwamba akaunti iko hai, anajua mwisho wa mwezi itakatwa, na akanitakia siku njema. Huyo naye sijamsamehe.

Mimi nilidhani salio likifika sifuri benki inaacha. Haiachi, angalau yangu haikuacha. Januari ikakata 240, ikabaki 360. Februari ikabaki 120. Machi ikachukua hiyo 120 na kuniandikia deni la 120. Kuanzia Aprili kila mwezi deni likaongezeka 240, kimya kimya, bila meseji, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha namba ya simu. Kufika mwisho wa Oktoba 2024 nilikuwa nadaiwa shilingi 1,800 na akaunti ambayo mimi nilishaizika moyoni.

Novemba ikawa zamu yangu kwenye chama. Mweka hazina wetu alikuwa bado na namba ile ya zamani kwenye daftari lake, akatuma 15,000. Jioni nikaenda ATM, salio 13,200. Nikampigia simu mweka hazina kwa ukali, nikamuuliza zangu zimeenda wapi. Mama wa watu aliniapia kwamba ametuma zote, na kweli alikuwa ametuma zote. Mfumo ulikuwa umezikata malimbikizo dakika ile ile pesa ilipoingia. Nilimwomba radhi mbele ya kikundi kizima, na hilo lilinigharimu kuliko 1,800.

Na usijidanganye kwamba baada ya miaka mitano isiyo na shughuli salio litakwenda UFAA, ile mamlaka ya mali zisizodaiwa, ukalidai huko baadaye. Ni kweli pesa za akaunti zilizolala miaka mitano hupelekwa huko. Lakini mia tatu yako, ikikatwa 180 kwa mwezi, haimalizi hata mwezi wa pili. Hakutakuwa na cha kupeleka.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kwa maandishi. Nenda tawini na kitambulisho, na kabla hujataja makato uliza swali moja tu: akaunti hii kwenye mfumo wenu ni ya aina gani? Usikubali jibu la mdomo. Omba waandike kwenye barua pepe au barua yenye muhuri. Wakiandika kwamba ni ya akiba, basi umewashika: wape barua ya malalamiko ukitaja kifungu cha 16A, orodhesha kila tarehe na kila kiasi, dai zirudi pamoja na ule ushuru uliokatwa juu yake, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikataa, nakala hiyo ndiyo unayoipeleka Benki Kuu, Haile Selassie Avenue. Bila kuanza na benki yako mwenyewe, huko utaambiwa urudi.

Wakiandika kwamba ni ya matumizi, usipoteze miezi ukibishana kama mimi. Ifunge. Kufunga si kutoa pesa. Kufunga ni barua ya kuomba ifungwe, kurudisha kadi, kusimamisha maagizo yoyote ya malipo ya kila mwezi, kulipa malimbikizo kama yapo, kisha kuchukua kwao karatasi inayosema akaunti namba fulani imefungwa tarehe fulani, salio sifuri. Uliza pia kama wana ada ya kufunga, wengine wanayo, na uilipe siku hiyo hiyo. Halafu mpigie kila mtu aliye na namba yako: mwajiri, chama, ndugu wa kijijini. Mimi nilifunga Desemba 2024 na karatasi yangu iko kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Kitu kimoja cha kuangalia: kama hiyo yako ni ya sacco, 16A haikuhusu. Sacco zina sheria yake na msimamizi wake, SASRA, na ada zake ziko kwenye masharti mliyopitisha kwenye mkutano mkuu.

Kesho ni siku ya kazi. Nenda asubuhi kabla ya foleni, uliza aina ya akaunti, kisha rudi utuwekee hapa walichoandika. Funika namba ya akaunti.