Faini ya eneo la ujenzi wa barabara, Texas

"Nimekamatwa Houston kwa mwendo kasi penye ukarabati wa barabara, leni moja imefungwa. Wanasema faini ni mara mbili. Ni kweli?"

Ndugu, ni kweli ikiwa mafundi walikuwepo. Koni peke yake hazitoshi. Soma karatasi uliyopewa na polisi: sheria ya Texas inataka iandikwe humo kwamba wafanyakazi walikuwepo wakati wa kosa. Isipoandikwa, faini hubaki ya kawaida. Ikiandikwa, hata ile kozi ya udereva ya kufutiwa kosa huipati. Wamekaza hivyo kwa sababu fundi yuko hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu yako, mara nyingi kakupa mgongo. Usikimbilie kulipa, kwani ukilipa huhesabiwa umepatikana na hatia. Muone kwanza wakili wa trafiki, kabla ya tarehe ya mahakama.