Saba iliyoonekana moja kwenye picha ya pampu

Mwezi uliopita nilimwita mpwa wangu mwizi mbele ya mama yake, na aliyekosea ni mimi. Naandika haya kwa sababu najua wengi wenu mna gari la biashara mlilomkabidhi kijana, na kila siku mnapokea picha ya pampu kwenye simu kama mimi.

Kirikuu yetu inabeba mboga. Asubuhi hiyo nilimpa mpwa wangu 50,000 ya petroli, naye kutoka sheli akanitumia picha. Juu iliandikwa 50000, katikati lita 11.46, chini bei kwa lita 2864. Mimi nikakodolea lita tu. Nilizoea kuona lita kumi na saba na ushei kwa hela hiyo, sasa naona sita zimeyeyuka. Nikapiga simu kwa hasira. Akasema, "Mjomba, mafuta yote yameingia, subiri uone risiti." Sikusubiri. Jioni risiti ya EFD ikatolewa garini, imeandikwa lita 17.46. Bado naona aibu nikikumbuka uso wa dada yangu.

Tarakimu za pampu huundwa kwa vijiti saba vinavyowaka na kuzimika. Saba ina kijiti cha juu na viwili vya kulia. Kijiti cha juu kisipoonekana, unabaki na moja. Vivyo hivyo nane ikikosa kijiti cha katikati inakuwa sifuri, na nukta ya lita ikifunikwa na mng'ao wa jua, 17.46 inasomeka 1746. Kwa hiyo usiamini mstari mmoja wa picha kabla hujaupima kwa mingine miwili.

Ningezidisha tu, ningejua. 11.46 mara 2,864 ni kama 32,821, wakati juu pameandikwa 50,000. Pampu huzidisha yenyewe, hesabu yake haiwezi kupishana hivyo, basi kosa liko kwenye namba zinavyoonekana. Chukua pengo hilo, 17,179, uligawe kwa bei: unapata karibu lita 6 kamili. Pengo likija kamili hivyo, tafuta tarakimu moja iliyokosewa kwenye nafasi ya lita nzima. Moja ukiiongeza sita ni saba. Sasa jaribu 17.46 mara 2,864: unapata 50,005.

Hizo shilingi 5 zisikutishe. Pampu hupima kwa undani kuliko tarakimu mbili inazokuonyesha baada ya nukta, kisha hukadiria. Tofauti halali haizidi nusu ya senti-lita mara bei, yaani kama shilingi 14 kwa bei hiyo. Ikifika mia, kuna namba umeisoma vibaya.

Lakini ndugu zangu, hesabu kukubali haina maana kwamba mafuta yameingia kwenye tangi. Hapa ndipo wengi tunaibiwa huku tumeridhika. Mhudumu akiacha 10,000 ya mteja aliyetangulia bila kurudisha sifuri, akakujazia mpaka 50,000, picha ya mwisho itakuwa safi kabisa: lita, bei na jumla vinakubaliana, nawe umepata mafuta ya 40,000. Picha ya mwisho pekee haiwezi kukuonyesha hilo. Dai picha ya sifuri kabla mkono wa pampu haujaingia kwenye tangi. Nasema dai, usiombe. Na ile bei kwa lita ilinganishe na bei kikomo ya EWURA ya mji wako, ambayo kwa kawaida hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kama unashuku pampu yenyewe inapunja, picha haitakusaidia. Hilo hupimwa kwa chombo cha lita 20, na wenye kazi hiyo ni Wakala wa Vipimo.

Mpwa wangu nilimwomba msamaha, mbele ya mama yake vilevile. Siku hizi namwambia arekodi video fupi badala ya picha, aanze pale pampu inapowashwa, maana pampu nyingi huonyesha nane tupu kwenye kila nafasi kwa muda mfupi kabla ya kurudi sifuri. Nane huwasha vijiti vyote, kwa hiyo kilichokufa hujulikana papo hapo.

Jumatatu alipita kwenye sheli ileile, pampu ileile. Muda wote nilikuwa nikililaumu jua. Nikaisimamisha video kwenye zile nane: kwenye mstari wa lita, nane ya kabla ya nukta haikuwa na kijiti cha juu.