80W-90 au oili ya injini kwenye gia ya nyuma ya skuta?

*"Skuta ya Kichina cc 125, gia ya nyuma niweke oili gani? Fundi kaniambia 90 ni nzito mno."*

Weka oili ya gia 80W-90, daraja la GL-4. Gia ya nyuma ya injini za aina ya GY6, zilizo kwenye skuta nyingi za Kichina, hupokea takriban mililita 110 tu, kwa hiyo pima kwa bomba la sindano. Ukizidisha, oili hupenya sili ya ekseli na kulowesha breki ya nyuma. Kuhusu uzito, vipimo vya oili ya gia na vya injini ni tofauti: 90 ya gia inakaribia 40 au 50 ya injini. Ila fundi wako hajakosea kabisa, maana baadhi ya skuta za Honda zimeandikiwa 10W-30 ya injini humo humo. Kitabu cha chombo ndicho kinachoamua.

— Mimi nina bajaji, niweke hiyo hiyo?

Hapana, usiige. Giaboksi ikichangia oili na klachi, oili ya gia itafanya klachi iteleze: injini inanguruma, bajaji haivuti. Hapo weka ya injini yenye alama JASO MA, yaani inayofaa klachi inayoloa oili. Modeli gani hiyo?