Nimefuta meseji WhatsApp, je, yeye bado anaiona?

"Nilimtumia bosi meseji iliyokuwa ya dada yangu. Nikaifuta haraka, kwangu haipo tena. Yeye bado anaiona?"

Inategemea ulibonyeza nini, ndugu. Kama ulichagua "Delete for me", umesafisha simu yako tu. Kwa bosi ipo nzima. Kibaya zaidi, ikishatoka kwako huna tena cha kubonyeza ili uifute kwake. Kuna "Undo" inayotokea chini ya skrini kwa sekunde chache: ungeibonyeza, meseji ingerudi, kisha ungechagua "Delete for everyone". Ikishapotea hiyo, basi.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Fungua chati yenu. Ukiona "You deleted this message", ulifuta kwa wote, na yeye anaona "This message was deleted" mahali pale pale. Usipoona alama yoyote, ulifuta kwako tu.

Hata hiyo ya kufuta kwa wote ina mipaka. Muda wake ni siku mbili na kitu tangu utume. Aliyekwisha kuisoma kwenye notifikesheni ameisoma, na simu nyingi za Android zina historia ya notifikesheni. Akiwa ameijibu kwa kuinukuu, maneno yako yanabaki ndani ya jibu lake. Picha nayo inaweza kubaki kwenye galari ya aifoni.

Kwa hali yako, mtumie sasa hivi: "Samahani bosi, ile meseji ilikuwa ya dada yangu." Usingoje akuulize.